Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, volti inabaki ile ile: soma lebo kwanza kabla hujalipa

Swali: Shikamoo fundi. Niko Marekani, nataka kutuma nyumbani blenda kubwa, maikrowevu na laptop. Nyumbani umeme ni 230 na soketi zetu ni zile za miguu mitatu bapa. Muuzaji kaniambia ninunue adapta ya plagi tu basi, mbona chaja ya simu inafanya kazi kote. Ni kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Muuzaji yuko sawa kwenye laptop, kwenye blenda na maikrowevu anakupoteza kabisa, na hizo mbili ndio zenye hela.

Tuanze na hiyo adapta maana ndio inawachanganya wengi. Adapta ni kipande cha plastiki chenye vyuma ndani, kinapokea plagi ya Marekani upande mmoja na kutoa miguu ya soketi ya nyumbani upande wa pili, hamna kingine kinachofanyika humo. Umeme unaoingia ni 230, unaotoka ni 230. Kwa hiyo plagi kuingia kwenye soketi sio ushahidi wa kitu chochote, na ndio hatari yenyewe, maana bila adapta ile plagi ya Marekani ingekataa kuingia na blenda ingebaki salama.

Kinachokupa jibu ni lebo. Sio boksi, sio tangazo la mtandaoni, sio maneno ya muuzaji, ni ile lebo iliyobandikwa au kugongwa kwenye kifaa chenyewe, kwa kawaida chini ya kitako au mgongoni karibu na pale waya unapoingilia. Kwa laptop angalia kile kitofali cha chaja. Tafuta neno INPUT, mistari miwili inatofautiana hivi:

```
INPUT: 100-240V~ 50/60Hz 1.5A
120V~ 60Hz 1500W
```

Huo wa kwanza ni wa chaja. Kistari kati ya 100 na 240 maana yake inakubali volti yoyote humo katikati yenyewe bila wewe kugusa kitu, kwa sababu ndani yake umeme unageuzwa kwanza kuwa wa moja kwa moja kisha saketi inaukatakata kwa kasi sana na kujirekebisha kutoa zile volti 19 au 20 laptop inazotaka, uwe umeingiza 110 au 230. Ndio maana chaja ya simu nayo inafanya kazi kote. Pale panapoandikwa OUTPUT usipaangalie kwa ajili ya swali hili, watu wanaona 20V pale wanaogopa bure, hiyo ni inayotoka kwenda kwenye kompyuta.

Mstari wa pili ni wa kifaa cha sehemu moja tu. 120 peke yake, bila kistari, maana yake 120.

Sasa kwa nini isiwe "inazidi kidogo tu"? Kwa sababu nguvu haipandi sawasawa na volti, inapanda kwa mraba wake. Chukua kitu chochote cha koili ya joto, pasi au birika la umeme, kimeandikwa 120V 1000W. Koili ni ile ile, ukiipa 230 badala ya 120 mkondo unakaribia kuwa mara mbili na volti nazo zinakaribia kuwa mara mbili, ukizidisha unapata karibu wati 3,670. Kitu kilichotengenezwa kutoa joto la 1000 sasa kinatoa zaidi ya mara tatu na nusu. Koili inawaka nyekundu kupita kiasi, inakatika, au plastiki iliyo jirani inaanza kuyeyuka kabla koili haijakatika, na hapo ndio moto unapoanzia. Kwenye vitu vya saketi mara nyingi unasikia mlio mmoja mkali na harufu ya kuungua, hapo una bahati kama ni fyuzi au ile varista ya kinga imejitoa mhanga na fundi akiibadilisha kifaa kinaamka, lakini usiipangie bahati.

Blenda yako. Hapa nitakaa kidogo maana ndio yenye maswali. Tuseme lebo yake inasema 120V 50/60Hz 12A, blenda nyingi kubwa za Marekani zinakaribia hapo. Zidisha 120 kwa 12 unapata wati 1,440. Ukiichomeka kwenye 230 kwa adapta, mota inazunguka kwa kasi ya ajabu na mlio wa kupiga kelele, cheche zinaonekana kwenye matundu ya kupoozea, na inaweza kuungua ndani ya muda mfupi sana.

Njia ya kuitumia ipo, ni transfoma ya kushusha, ile boksi nzito ya chuma inayoingiza 220 au 230 na kutoa 110 au 120. Mota ya blenda ni ya brashi, yaani ile yenye vipande viwili vya kaboni vinavyosugua shaba inayozunguka, na mota ya namna hiyo haijali frikwensi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, ile Hz ya kwenye lebo ambayo Marekani ni 60 na nyumbani ni 50, iwe 50 au 60 inazunguka tu, kwa hiyo ukishaipatia volti zake imeridhika. Ila sio transfoma ya wati 1,500. Mota inapoanza, hasa jagi likiwa limejaa vitu vigumu, inavuta mkondo mara kadhaa ya ule ulioandikwa, na transfoma nyingi za bei rahisi namba iliyoandikwa mbele ni ya kilele sio ya kufanya kazi mfululizo. Mimi kwa mota nazidisha mara mbili, hapa tunaangukia 3000. Transfoma ya 3000 ni mzigo wa kilo kumi na kitu kwenda juu, unaikalisha jikoni pembeni ya blenda, inakula umeme kidogo na kupata joto hata blenda ikiwa imezimwa kwa hiyo lazima uwe unaizima ukutani kila ukimaliza. Mahesabu ya upande wa ukutani yanakubali: 1,440 gawa kwa 230 ni kama ampea 6.3, plagi ya miguu mitatu bapa ina fyuzi ya mpaka 13 ndani yake, unaenea vizuri.

Kwa hiyo inawezekana. Lakini piga hesabu ya bei ya blenda, jumlisha transfoma, jumlisha usafiri, halafu linganisha na blenda ya 220-240V 50Hz iliyonunuliwa huko huko nyumbani au sehemu yenye umeme kama wa nyumbani. Ushauri wangu kwa blenda ni kwamba usiitume, labda kama unayo tayari na unaipenda. Na kuna jambo moja ambalo siwezi kulifumbia macho: nyumbani hutakuwepo wewe. Siku moja mtu atataka kuhamisha blenda chumba kingine, ataona adapta kwenye droo, ataichomeka moja kwa moja ukutani bila transfoma, na hatakuwa na kosa maana plagi imeingia. Ukituma kifaa cha 120 bandika karatasi kubwa kwenye waya wake karibu na plagi, iandikwe 120 TU, TUMIA TRANSFOMA, na usitume adapta yoyote pamoja nacho.

Maikrowevu ni hadithi nyingine na hapa nakuambia waziwazi acha. Kwanza wati. Ile namba kubwa mlangoni, tuseme 1000W, ni nguvu ya kupasha chakula, inayoingia kutoka ukutani iko kwenye lebo ya mgongoni na ni kubwa zaidi, 1500W ni kawaida kwa saizi hiyo. Watu wananunua transfoma kwa namba ya mlangoni halafu wanashangaa inaunguruma na kunuka. Lakini hata ukinunua kubwa ya kutosha kuna tatizo ambalo transfoma haiwezi kulitatua, ni lile la 60Hz.

Transfoma inabadilisha volti, frikwensi inapita kama ilivyo. Ukiingiza 230 ya 50Hz inatoka 120 ya 50Hz. Maikrowevu ya kawaida ndani yake ina transfoma yake kubwa ya kupandisha volti, na chuma chake kimepimwa kibane kabisa kwa 60Hz ili kiwe chepesi na rahisi. Ukishusha kuwa 50 kila wimbi linakaa muda mrefu zaidi, usumaku ndani ya chuma unapanda kwa asilimia 20 kwa volti zile zile, chuma kinashiba, mkondo unaanza kuingia bila kufanya kazi yoyote isipokuwa joto na muungurumo. Inaweza kuwaka siku ya kwanza na kupasha vizuri tu, ndio inavyowadanganya watu, halafu koili inapikika polepole mpaka inashindwa. Dalili ya mapema ni mngurumo mzito kuliko kawaida na mgongo kuwa wa moto sana baada ya dakika chache. Na kama saa yake inahesabu kwa kufuata mawimbi ya umeme utaiona inachelewa dakika kumi kila saa moja, kwa sababu inapata mawimbi 50 pale inapotegemea 60.

Hiyo hiyo ndio inayoyakuta friji, mashine za kufulia za zamani, pampu na feni kubwa, vyote vyenye mota isiyo na brashi ambayo kasi yake inafuata frikwensi. Ya 60Hz ikipewa 50 inazunguka pungufu kama sehemu moja kati ya sita, feni inapoza kidogo wakati mota inapata joto zaidi, kompresa ya friji inahangaika. Ukitaka kujua kifaa chako kiko kundi gani bila kukifungua, angalia lebo kama imeandikwa 50/60Hz au 60Hz peke yake, na usikilize: chenye kelele kali kama blenda, drili, draya ya nywele au mashine ya kufyonza vumbi mara nyingi ni cha brashi, chenye mngurumo wa chini kama friji mara nyingi sio. Lebo ikisema 60Hz tu na kuna mota ya kimya au transfoma kubwa ndani, mimi sinunui kwa ajili ya nchi ya 50.

Halafu kuna mtego mmoja wa lebo. Ukiona alama ya mkwaju, 120/240V, usiichukulie kama kistari. Kwenye vifaa vidogo mkwaju unamaanisha kuna swichi ya kuchagua, kama ile nyekundu nyuma ya kompyuta za mezani za zamani yenye 115 na 230, au ile ya kuzungusha kwa sarafu kwenye draya ya nywele ya safari, na hapo ni lazima uigeuze kabla ya kuchomeka, haijigeuzi. Lakini kwenye majiko makubwa na mashine za kukaushia nguo za Marekani, 120/240 maana yake ni kwamba inataka vyote viwili kwa wakati mmoja. Nyumba za kule zinapokea nyaya mbili za moto na nyutro moja, kati ya moto na moto unapata 240, kati ya moto na nyutro unapata 120. Koili za joto zinachukua 240, mota na taa na saa vinachukua 120. Mtu anasoma 240 pale anafurahi anasema hii ya nyumbani kabisa, anasafirisha kwa kontena, akifika fundi anaunganisha moto na nyutro na sehemu za 120 zinapigwa 230. Nimeshaona mashine ya kukausha imefika na mota yake ikaenda siku hiyo hiyo.

Kwenye transfoma kuna kitu kinachofanana nayo ambacho hupaswi kununua, kile kidude chepesi cha safari kinachoingia mfukoni na kinaandikwa wati 1600 au zaidi. Kifaa chepesi kama kile hakiwezi kuwa na chuma na shaba ya kubeba wati hizo, kinachofanya ni kukata vipande vya wimbi la umeme ili wastani ushuke. Koili ya pasi inavumilia kwa dakika chache, saketi za kielektroniki na mota havivumilii. Uzito ndio kipimo chako cha haraka, transfoma ya kweli yenye wati nyingi inachosha mkono.

Na namba za transfoma zenyewe zisome vizuri. Nyingi zinagawa kwa mbili tu, 220 inakuwa 110. Nyumbani umeme ukiwa 240 hiyo inatoa 120, kwa kifaa cha Marekani ni sawa kabisa. Lakini Japani umeme ni 100, sio 110 wala 120, na kifaa cha Kijapani cha joto kilichoandikwa 100V 1000W ukikipa 120 kinafanya kazi kwa wati 1,440. Vifaa vilivyotumika vya Japani vinauzwa sana duniani, kwa hivyo ukikutana navyo dai transfoma yenye tundu la 100. Japani yenyewe kuna upande wa 50Hz kule Tokyo na upande wa 60Hz kule Osaka, kwa hiyo vifaa vyao vingi vimeandikwa 50/60, hiyo ni nafuu kidogo.

Turudi kwenye laptop maana hiyo tuma kwa amani. Hata adapta usiiweke. Ule waya unaotoka kwenye kitofali kwenda ukutani unachomoka, chomoa utazame umbo la tundu: kuna la matundu matatu ya mviringo yaliyokaa kama majani matatu yaliyoungana, kuna la matundu mawili kama namba 8, kuna la matatu bapa makubwa kama la kompyuta ya mezani. Maumbo hayo ni ya dunia nzima, ununue nyumbani waya wa umbo hilo wenye plagi ya nyumbani, ni kitu cha bei ndogo. Kuna sababu mbili. Waya wa Marekani ukiusoma kwenye plagi umegongwa 125V, yaani haukutengenezwa kwa ajili ya 230. Na adapta nyingi za rahisi zinapokea miguu mitatu lakini ndani waya wa erthi haujaunganishwa popote, laptop ya bati unaishika unasikia mtetemo kwenye vidole, huo ni ule umeme mdogo unaovuja kupitia kichujio cha chaja ambao erthi ilipaswa kuuondoa. Kwa laptop ni usumbufu. Kwa kifaa chenye mwili wa chuma kama pasi au birika erthi ndiyo inayokukinga waya ukiachia ndani, kwa hiyo usiwahi kukitumia kwa adapta ya miguu miwili.

Ukitaka kununua adapta hata hivyo, kwa safari fupi, soma ampea zake. Nyingi zimeandikwa 6A au 10A, kwa chaja inatosha sana, kwa birika la wati 2,200 hata kwenye nchi ya 230 hiyo ni karibu ampea 10 mfululizo, adapta inapata moto na plastiki inageuka rangi kuwa kahawia pale miguu inapoingia. Ukiona ukahawia huo tupa, usisubiri inuke.

Kwa wanaofanya kinyume, wanaotoa kifaa nyumbani kwenda Marekani, hatari ni ndogo lakini hasara iko pale pale. Birika la 230V 2200W kwenye 120 linatoa kama wati 600, maji yatachukua karibu mara nne ya muda, na pasi inabaki ya uvuguvugu. Hakiungui kitu, ila friji au kitu chenye kompresa usikijaribu, mota ikikosa nguvu ya kuanza inasimama huku inavuta mkondo na hiyo inaunguza.

Wewe sasa kabla ya kulipa kitu chochote mwombe muuzaji picha ya lebo ya kifaa chenyewe sio ya boksi, ikuze mpaka usome V, Hz na W au A. Modeli moja inaweza kuuzwa kwa jina lile lile nchi mbili na tofauti ikawa herufi moja mwishoni mwa namba ya modeli, kwa hiyo ukiona mtandaoni mtu anasema "yangu inafanya kazi 230" haikuhusu mpaka uone yako. Hata TV, nyingi ni 100-240 lakini zinazouzwa Marekani kuna zilizoandikwa 120V tu, na hata ikiwaka antena yake inaweza isishike stesheni za nyumbani kwa sababu mfumo wa matangazo ni mwingine. Ukipata picha za blenda na maikrowevu nitumie namba zilizoandikwa, na uniambie nyumbani jikoni soketi ziko kwenye sakiti breka ya ampea ngapi, kama bado unaitaka hiyo transfoma nikupigie hesabu yake.